Kusasisha programu ya gari kwa njia ya hewani: kwa nini si sawa na simu, na vipimo vya kufanya kabla hujakubali

Mzee mmoja wa Goba alinipigia simu saa tatu usiku. Baada ya shikamoo na marahaba akasema, "Fundi, gari limeniandikia kuna programu mpya. Nikakubali kama ninavyofanya kwenye simu. Sasa haliwaki, na dashibodi imejaa taa za njano na nyekundu." Nikamuuliza gari liko wapi. Liko getini, nusu ndani nusu nje. Alikuwa amesimama kumsubiri kijana amalize kufungua geti, ujumbe ukatokea kwenye kioo cha katikati ya dashibodi, akazima injini, akabonyeza. Breki ya mkono ya umeme ilijifunga yenyewe na ikagoma kuachia, kwa hiyo hata kulisukuma haikuwezekana. Usiku ule mlinzi alilala kwenye kiti pembeni ya geti lililo wazi.

Mimi ni fundi umeme wa magari hapa Dar es Salaam, na simu za namna hii zimeanza kuzoeleka. Nitarudi kwa mzee baadaye, maana kilichotokea kwenye gari lake kinaeleza karibu kila kitu. Lakini kwanza inabidi tuelewe gari hufanya nini pale linapopokea programu mpya bila kuchomekwa waya wowote. Ukilielewa hilo, hatua za kufuata zitaonekana zenyewe, hutahitaji kuzikariri.

Tofauti iko wapi hasa

Simu ina kompyuta moja kubwa, betri moja na mtengenezaji mmoja anayesimamia vyote. Inapopata programu mpya inaipakua, inaiandika, inajizima na kuwaka. Ikikwama, umekosa simu kwa siku moja na umeudhika.

Gari la kisasa ndani yake lina kompyuta ndogo ndogo kwa makumi, na magari ya kifahari huvuka 100. Mafundi tunaziita kontroli boksi. Kuna boksi la injini, la giaboksi, la breki, la stelingi, la mifuko ya hewa, la milango, la kioo cha katikati, na moja lenye modemu na laini ya simu ndilo linaloongea na mtengenezaji. Kila boksi lina programu yake, na mara nyingi yametoka kwenye viwanda tofauti. Yanaongea kwa nyaya, nyingi zikiwa za mfumo unaoitwa CAN, na yanategemeana kila sekunde. Boksi la breki hupima kasi ya matairi na kuitangaza, boksi la stelingi huisikia na kuamua liongeze nguvu kiasi gani, boksi la giaboksi huisikia na kuchagua gia.

Hapo ndipo ugumu unapoanzia. Tuseme programu mpya ya breki imebadilisha namna ya kutangaza kasi. Boksi la stelingi lisipopata toleo linaloendana nalo, ujumbe unafika lakini hausomeki. Kila boksi likipimwa peke yake ni zima, ila gari zima ni bovu. Kwenye simu huwezi kuwa na nusu mpya na nusu ya zamani zinazogombana. Kwenye gari unaweza, na gari hilo lina uzito wa tani mbili na liko barabarani.

Tofauti ya pili ni mahali pa kuandikia. Simu nyingi za kisasa zina vyumba viwili vya kumbukumbu. Programu mpya inaandikwa kwenye chumba kisichotumika huku wewe ukiendelea kupiga simu, na ukiiwasha upya inahamia huko. Ikishindwa, inarudi chumba cha zamani. Kwenye gari, kioo cha katikati na maboksi mengi mapya yana vyumba viwili hivyo. Lakini yapo maboksi mengi, hasa ya miaka ya nyuma, yenye chumba kimoja tu. Hayo hayana njia nyingine: lazima yafute programu ya zamani kwanza, ndipo yaandike mpya. Kati ya kufuta na kumaliza kuandika, boksi halina akili yoyote zaidi ya kiprogramu kidogo cha kuamshia kinachojua kupokea faili tu. Kama ni boksi la breki, katika dakika hizo mfumo wa kuzuia tairi kufunga haupo. Msaada wa kielektroniki haupo. Ndiyo maana gari linakutaka usimame na usiguse kitu.

Wateja huniuliza pia kwa nini faili lipakuliwe kwa dakika tano halafu kuliweka kuchukue nusu saa au zaidi. Njia ya hewani ni pana, ya ndani ya gari ni nyembamba. Nyaya za CAN kwenye magari mengi hupitisha biti 500,000 kwa sekunde, na sehemu ya hizo ni anwani na ukaguzi, si faili lenyewe. Boksi lenye kumbukumbu ya megabaiti 4 linaweza kuchukua dakika kadhaa peke yake, ukijumlisha kufuta, kuandika na kuhakiki. Yakiwa maboksi matano yanayosubiriana, muda huo unaeleweka.

Kisa cha Beijing

Januari 2019, dereva wa gari la umeme aina ya NIO ES8 alikuwa kwenye barabara ya Chang'an, moja ya barabara kuu za Beijing. Gari likiwa kwenye foleni, zoezi la kusasisha lilianzishwa humo humo ndani. Vioo vikazima, madirisha hayakushuka, gari halikusogea. Watu waliokuwa ndani walikaa zaidi ya saa nzima kusubiri limalize, polisi wakiwa wamelizunguka.

Kumbuka kwamba programu ile haikuwa mbovu. Ilifanya kazi yake na gari likaendelea na maisha. Kosa lilikuwa kwamba ukaguzi wa kabla ya kuanza ulikubali gari lililosimama kwenye foleni kana kwamba limeegeshwa. Fikiria jambo hilo kwenye mataa ya Mwenge saa kumi na mbili jioni.

Upande wa pili wa sarafu ni wa mwaka uliotangulia. Mei 2018 jarida la wateja la Marekani lilipima breki za Tesla Model 3 likakuta gari linahitaji takriban mita 46 kusimama kutoka kasi ya kilomita 97 kwa saa. Kampuni ikatuma marekebisho kwa njia ya hewani, gari lile lile likapimwa tena, likasimama kwa mita 40 na ushee. Hakuna pedi iliyobadilishwa. Kwa hiyo usiwasikilize wanaosema programu ya gari ni ya redio na ramani tu. Kinachoweza kupunguza mita sita za kusimama, kikikosewa kinaweza kuziongeza.

Ukaguzi ambao gari lenyewe linapaswa kufanya

Ukaguzi wa kwanza ni wa uhalali. Faili linakuja na sahihi ya kidijiti, na boksi linaikagua kwa ufunguo lililozaliwa nao kiwandani. Simu nayo hufanya hivyo. Lakini gari linahitaji zaidi, kwa sababu faili halali la gari jingine bado linaweza kukuua. Mfumo wa Uptane, uliotangazwa mwaka 2017 na watafiti wa Marekani mahsusi kwa ajili ya magari, unagawa kazi kwa ofisi mbili. Ofisi moja inatunza mafaili yote yaliyoidhinishwa, na funguo zake muhimu hazikai kwenye mtandao. Ofisi ya pili inajua gari lako kwa namba yake ya chesisi, maboksi yaliyomo na matoleo yaliyopo, na ndiyo inayosema gari hili lipate faili lipi. Boksi hukubali pale tu maneno ya ofisi zote mbili yanapolingana. Mwizi akivunja ofisi moja, bado hana barua kamili.

Ndani ya ukaguzi huo kuna swali la upya: je, hili si faili halali la miaka mitatu iliyopita ambalo tundu lake la usalama linajulikana? Gari zuri hukataa kurudishwa kwa toleo la zamani na mtu wa nje, ila hujiruhusu lenyewe kurudi kwenye toleo lililotoka kufanya kazi kama jipya limeshindwa. Mambo hayo mawili yanavutana, na wahandisi huhangaika kuyapatanisha. Ukimsikia fundi akisema "nitakurudishia ya zamani tu," jua kwamba mara nyingi boksi litamkatalia, na linakataa kwa sababu nzuri.

Ukaguzi wa pili ni wa ulinganifu. Kabla ya kuandika hata biti moja, gari linapaswa kuuliza kila boksi: wewe ni wa aina gani, una toleo lipi? Jibu linalinganishwa na orodha iliyokuja na sasisho. Kama gari limewahi kuwekewa boksi la mtumba kutoka gari jingine, mara nyingi hapa ndipo sasisho hukwama, na ni heri likwame hapa.

Ukaguzi wa tatu ni wa hali ya gari: limeegeshwa, gia iko P, breki ya mkono imeshika, injini imezimwa, betri inatosha. Wa nne ni wa baada ya kuandika, ambapo kila boksi hukokotoa jumla ya kilichoandikwa na kulinganisha na kilichotarajiwa. Na wa mwisho, ambao simu haiuhitaji kabisa, ni wa pamoja: maboksi yote yanabadilika au hakuna linalobadilika. Likigoma moja kati ya matano, manne yarudi yalikotoka, au gari libaki limefungwa salama na kumweleza mwenye nalo.

Haya si mapendekezo ya fundi wa mtaani. Kanuni namba 156 ya Umoja wa Mataifa, iliyoanza kutumika Januari 2021, inamtaka mtengenezaji aoneshe kwamba gari lina umeme wa kutosha kumaliza zoezi, kwamba haliendesheki wakati wa zoezi kama kuendesha ni hatari, na kwamba likishindwa linarudi toleo la awali au linakaa katika hali salama. Inataka pia mwenye gari aambiwe kabla: sasisho ni la nini, linabadilisha nini, litachukua muda gani na nini hakitafanya kazi. Ulaya kanuni hiyo inahusu magari mapya yote tangu Julai 2024. Kwa hiyo kioo kinapokuonesha maelezo marefu kabla ya kukubali, yasome. Yameandikwa kwa sababu sheria imelazimisha, na ndani yake mna majibu ya maswali utakayoniuliza kesho yake.

Hatua ya kwanza: jua kama gari lako linapokea kitu chochote

Magari mengi ya jijini yametoka Japani yakiwa yametumika. Gari linaweza kuwa na modemu ndani, na menyu ya sasisho ikaonekana, lakini laini yake ni ya mtandao wa Japani na mkataba wake uliisha gari lilipouzwa. Litakaa hivyo miaka yote bila kupokea chochote. Hilo si hatari. Hatari ni mtu anayekuambia ana faili la gari hilo kwenye flashi, la nchi nyingine, na atakuwekea ili menyu iwe ya Kiingereza. Faili la soko jingine linaweza kufanana jina na lako huku likiwa la boksi lenye sensa tofauti. Kama ni la kioo cha katikati, ukibahatisha utapoteza redio na kamera ya nyuma. Kama mtu anataka kugusa boksi la breki, stelingi au mifuko ya hewa kwa faili lisilotokana na namba yako ya chesisi, chukua ufunguo wako uondoke.

Gari likiwa jipya kutoka kwa wakala, au la umeme lenye laini inayofanya kazi hapa, tafuta ukurasa wa toleo kwenye kioo. Aghalabu umeandikwa `Software update` au `System information`. Upige picha kwa simu kabla ya jambo lolote. Picha hiyo ndiyo ushahidi wako wa gari lilikuwa wapi kabla.

Hatua ya pili: tenga kupakua na kuweka

Hivi ni vitu viwili na watu huvichanganya. Kupakua ni kulileta faili ndani ya gari na kulihifadhi pembeni. Bando likiisha katikati, LUKU ikikata, mtandao ukipotea kwa sababu umeingia maegesho ya chini ya ghorofa pale Posta, hakuna kinachoharibika. Faili litaendelea lilipoishia au litaanza upya. Pakua hata ukiwa safarini kama gari linaruhusu.

Kuweka ndiko kwenye hatari, na hakuhitaji mtandao mwingi wala umeme wa nyumbani. Kunahitaji betri ndogo ya gari. Ndiyo maana swali langu la kwanza kwa mteja huwa ni betri, hata kama anaanza kunieleza habari za waifai.

Kama sasisho si la kurekebisha hatari, subiri siku kadhaa. Watengenezaji hutuma kwa makundi, na wa kwanza ndio hugundua kasoro. Novemba 2023 kampuni ya Rivian ilituma sasisho lililofungwa na vyeti visivyo sahihi vya usalama, na waliolipokea mwanzo wakabaki na vioo vyeusi. Magari yaliweza kuendeshwa, lakini madereva hawakuiona kasi yao. Utumaji ulisimamishwa kabla haujawafikia wengine. Ila maelezo yakitaja wito wa kurekebisha kasoro ya usalama, usisubiri wiki.

Hatua ya tatu: pima betri ya volti 12

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo magari mengi ya hapa mjini hufia. Hata gari la umeme lenye betri kubwa sakafuni lina betri ndogo ya volti 12, na hiyo ndiyo inayolisha maboksi. Wakati wa kusasisha, mara nyingi betri kubwa hutengwa na ndogo hubaki peke yake. Joto la Dar huzila betri za risasi na asidi haraka. Betri ya miaka mitatu hapa naiangalia kama mgonjwa mpaka inithibitishie vinginevyo.

Tumia mita ya umeme ya kawaida, hata ile ya bei nafuu ya Kariakoo. Liache gari limezimwa na kufungwa kwa saa kadhaa, usiku kucha ni bora. Fungua boneti bila kuwasha chochote, weka waya mwekundu kwenye terminali ya chanya na mweusi kwenye hasi. Ukisoma volti 12.6 au zaidi, imejaa. Volti 12.4 ni kama robo tatu. Volti 12.2 ni nusu, na kwa kusasisha haitoshi. Chini ya 12 usijaribu kabisa.

Kipimo hicho peke yake kinaweza kukudanganya, kwa sababu betri iliyochoka husoma vizuri ikiwa haijabebeshwa mzigo. Kwa hiyo washa taa kubwa injini ikiwa imezimwa, subiri dakika mbili, soma tena huku taa zinawaka. Mimi nikiona imeshuka chini ya 12 na inaendelea kushuka, naahirisha zoezi.

Hesabu yenyewe si ngumu. Tuseme gari likiwa kwenye zoezi linavuta ampea 20, na zoezi ni la dakika 40. Ishirini mara arobaini, gawanya kwa sitini, unapata ampea-saa 13 na ushee. Betri imeandikwa 60, unaona inabaki nyingi. Lakini ya mzee wa Goba, nilipoipima kesho yake, ilikuwa imebakiwa na chini ya nusu ya uwezo wake, na alikuwa ametoka kwenye foleni ndefu na feni na taa vikiwaka. Ampea-saa zilikuwapo kwa hesabu, ila volti hazikushikilia.

Betri ikiwa nusu, ichaji usiku uliotangulia, kisha ondoa chaja, liache gari litulie, pima tena, ndipo uanze. Usiache chaja ya bei rahisi ikiwa imeunganishwa wakati wa kuweka. Umeme wake hauna utulivu, na umeme wa mtaa ukikatika na kurudi unaleta mshtuko kwenye nyaya zile zile. Karakana kubwa hutumia kifaa maalumu kinachoshikilia volti bila kuyumba, na hicho si sawa na chaja.

Hatua ya nne: toa vitu vya ziada

Magari mengi hapa yamefungwa vifaa vya kufuatilia, alamu za dukani, na vidude vya Bluetooth vilivyochomekwa kwenye soketi ya uchunguzi chini ya stelingi. Kitoe chochote kilicho kwenye soketi hiyo. Vingine huuliza maboksi maswali kila baada ya sekunde chache, na swali likiingia katikati ya uandishi, mawasiliano yanaweza kukatika. Zima kamera ya dashi. Chomoa simu. Kifaa cha kufuatilia kilichounganishwa ndani kwa nyaya usikikate mwenyewe, lakini mjulishe aliyekifunga na umuulize kinavuta kiasi gani.

Hatua ya tano: egesha kana kwamba gari halitaondoka mpaka kesho

Chagua mahali ambapo gari likigoma halitamzuia mtu na halitakuacha wazi. Ndani ya geti, sehemu tambarare, si kwenye mteremko, si kwenye maegesho ya kulipia, na wakati wa mvua si sehemu inayojaa maji. Acha nafasi mbele ili gari la kuvuta liweze kuingia. Mzee wangu alikuwa mita mbili tu kutoka mahali salama.

Shusha kioo cha dirisha la dereva kidogo, na uwe na ufunguo halisi mfukoni, ule wa chuma uliofichwa ndani ya rimoti. Watoto na wanyama wasiwe ndani. Weka P, shika breki ya mkono, zima taa na kiyoyozi. Chagua muda ambao hutahitaji gari kwa mara tatu ya dakika zilizoandikwa. Kwangu jioni ya Jumamosi inafaa kuliko asubuhi ya Jumatatu.

Kisha kubali, toka nje, funga mlango kama maelezo yanavyotaka, na usiufungue kila baada ya dakika mbili kuchungulia. Kila unapofungua mlango unaamsha maboksi mengine na taa, na unakula betri.

Hatua ya sita: kagua kabla ya kuingia barabarani

Kioo kikisema zoezi limekamilika, bado hujamaliza. Zima gari, funga, subiri dakika kumi maboksi yalale, kisha fungua na uwashe. Taa za onyo zinapaswa kuwaka zote kwa muda mfupi na kuzimika. Linganisha ukurasa wa toleo na ile picha yako. Namba isipobadilika ilhali umeambiwa limekamilika, sasisho limerudi nyuma kimya kimya, na unapaswa kujua sababu.

Halafu jaribu ukiwa hapo hapo: breki ya mguu ina ugumu wa kawaida, breki ya mkono inashika na kuachia, stelingi inazunguka pande zote bila kukwama, taa, indiketa, honi, kamera ya nyuma. Toka mtaani kwa mwendo wa mtu kutembea, funga breki, ongeza mpaka 30, funga tena. Zunguka dakika ishirini karibu na nyumbani kabla ya kuliamini kwenye barabara ya Bagamoyo. Hili nalisisitiza kwa sababu kasoro nyingine hazionekani gari likiwa limesimama. Oktoba 2025 baadhi ya magari ya Jeep Wrangler 4xe yalipokea sasisho, yakawaka vizuri, kisha yakapoteza nguvu yakiwa mwendoni.

Kama sasisho liligusa kamera ya mbele au rada, huenda zikahitaji kupangwa upya na fundi mwenye vifaa. Mpaka hapo zima msaada wa kushika mstari na breki inayojifunga yenyewe, uendeshe kwa macho yako.

Likigoma

Usichomoe betri. Najua ndilo jambo la kwanza ambalo kila mtu atakushauri, kwa sababu kwenye simu kuzima na kuwasha husaidia. Boksi linaloandika likinyimwa umeme ndipo linapobaki tupu. Subiri mara mbili ya muda ulioandikwa. Ukiona kioo cha katikati cheusi lakini taa ya kifaa fulani inapepesa, au unasikia feni ikizunguka, kazi inaendelea.

Muda ukipita, piga picha ya taa zote na ujumbe wote, kisha tafuta fundi mwenye mashine inayoweza kusoma toleo la kila boksi, si misimbo ya makosa peke yake. Muulize swali hili moja: boksi lipi linajibu na lipi halijibu? Likijibu lakini linasema liko kwenye hali ya kuamshia, halijafa. Linasubiri faili lake. Lisipojibu kabisa, aanze na fyuzi na nyaya kabla ya kusema lazima ununue jipya. Na usikubali kulivuta gari huku breki ya mkono ya umeme imeshika, maana utachoma pedi au utapasua giaboksi. Kuna utaratibu wa kuiachia kwa mashine au kwa mkono, na unatofautiana gari kwa gari.

Kwa mzee wa Goba nilifika saa moja asubuhi. Betri ilisoma volti 11.7. Nilifunga kifaa cha kushikilia volti, nikaunganisha mashine, nikauliza maboksi moja moja. Kioo cha katikati kilikuwa kimeshapata toleo jipya. Modemu pia. Boksi la breki, ambalo ndilo linaloamuru breki ya mkono, lilijibu kwamba liko kwenye hali ya kuamshia: lilifuta la zamani, likaanza kuandika, volti zikaanguka, likasimama. Gari lilikuwa limefanya jambo sahihi kwa kugoma kuwaka. Nilichomshauri ni kulipata faili kwa wakala kwa namba ya chesisi. Wakala alilituma kupitia mfumo wake mchana ule, uandishi ukachukua dakika 14, breki ya mkono ikaachia kwa mlio ule wa kawaida wa mota, na kijana akalisukuma gari ndani.

Mzee akaniuliza kwa nini gari lilimruhusu kuanza kama betri ilikuwa mbaya. Nikamwonesha kwenye mita: alipozima injini tu, betri iliyotoka kuchajiwa na oltaneta ilikuwa inasoma volti nzuri za juu juu kwa dakika chache. Gari lilipima wakati ule, likaridhika. Tukanunua betri mpya Ilala siku ile ile, na nikamwandikia tarehe kwa kalamu ya rangi juu yake.